Panga skrini ya kwanza ya simu yako: apu za kila siku zikae karibu na kidole gumba

Malipo mengi ya simu hufanywa kwa mkono mmoja. Mkono ule mwingine una kazi yake: umeshika mfuko wa unga, umemshika mtoto, au umeshika chuma cha matatu huku konda akingoja nauli. Kwa hivyo kidole gumba ndicho kinachofanya kazi yote. Lakini simu nyingi tunazotumia siku hizi ni ndefu, na apu ya pesa mara nyingi imekaa mahali ilipojiweka siku ulipoiingiza, pengine kule juu kabisa au kwenye ukurasa wa tatu.

Mwaka 2013 mbunifu Steven Hoober alichapisha matokeo ya kuwatazama watu 1,333 wakitumia simu mitaani, vituoni na mikahawani. Kati ya wale waliokuwa wakigusa skrini, asilimia 49 walikuwa wameishika simu kwa mkono mmoja. Kwao, kufikia kona ya juu maana yake ni kusogeza simu ndani ya kiganja. Hapo ndipo simu huponyoka ikaanguka, au kidole kikagusa kitu ambacho hukukusudia.

Katika somo hili tutapanga skrini ya kwanza hatua kwa hatua. Tunatumia mfano wa mama anayeuza mboga Kangemi, mwenye simu ya Android ya inchi 6.5. Kazi nzima inachukua kama dakika 20, na haihitaji bando wala apu mpya.

Hatua ya 1: Jua kidole chako kinafika wapi

Shika simu vile unavyoishika ukiwa kazini, si vile unavyoishika ukiwa umeketi kwenye kochi. Sasa pitisha kidole gumba juu ya skrini kama mtu anayefuta kioo, bila kusogeza kiganja. Utaona kinachora upinde. Sehemu ya katikati na ya chini inafikika kwa urahisi. Kona ya juu iliyo upande wa pili wa mkono haifikiki kabisa. Na kuna mahali pengine ambapo wengi hawapatarajii: kona ya chini kabisa iliyo karibu na shina la kidole. Iko karibu, lakini inakulazimu kukunja kidole sana, kwa hivyo inasumbua.

Angalia pia ni mkono gani unaoshika simu. Mama wetu wa Kangemi anaandika kwa mkono wa kulia, lakini kazini mkono huo ndio unaopima nyanya na kurudisha chenji. Simu inakaa mkono wa kushoto. Kwa hivyo upinde wake unaanzia kushoto, na kona inayomsumbua ni ya chini kushoto. Akipanga skrini kwa kufuata mkono wa kuandikia, atakuwa amepangia mkono ambao haushiki simu.

Hatua ya 2: Hesabu mara unazofungua, si saa unazotumia

Watu wengi wakiulizwa apu wanayotumia sana hutaja ile inayowachukua muda mrefu. Lakini apu ya video unaifungua mara mbili jioni ukakaa nayo saa nzima. Apu ya pesa unaifungua kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku, na kila mara kuna mtu anakungoja. Ile inayofunguliwa mara nyingi ndiyo inayostahili nafasi ya karibu.

Kwenye simu nyingi za Android unaweza kuona hesabu hii. Ingia `Settings`, kisha `Digital Wellbeing`, fungua ile chati ya matumizi, halafu badilisha kutoka `Screen time` uende `Times opened`. Ikiwa simu yako haina sehemu hiyo, chukua karatasi na uweke alama kila unapofungua apu kwa siku moja tu.

Tuseme hesabu ya mama wetu kwa siku ya soko ni hii: `Messages` mara 34, apu ya pesa mara 27, `WhatsApp` mara 22, simu ya kupiga mara 19, kikokotoo mara 15, apu ya video mara 3, na apu ya mkopo mara 1. Kumbuka `Messages` iko juu kuliko apu ya pesa. Ni kawaida kwa mfanyabiashara, kwa sababu kila mteja akisema, "Mama, nimetuma," yeye anafungua meseji kuhakikisha.

Hatua ya 3: Jaza mstari wa chini

Chini kabisa ya skrini kuna mstari wa aikoni nne au tano ambao haubadiliki hata ukitelezesha kurasa. Huo ndio mahali pa thamani kuliko pote. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa zimejaza hapo kamera, kivinjari na vitu vingine ambavyo kampuni ya simu imejichagulia.

Kuondoa aikoni, ibonyeze na uishikilie, kisha ivute hadi sehemu nyingine ya skrini. Kuleta unayoitaka, telezesha kidole kwenda juu ili uone orodha ya apu zote, bonyeza apu na uishikilie, kisha ivute hadi mstari wa chini na uiachilie.

Hapa kuna jambo moja la kuwa macho nalo. Ukivuta aikoni, juu ya skrini huweza kutokea maneno mawili: `Remove` na `Uninstall`. Ukichagua `Remove`, aikoni inatoka kwenye skrini tu na apu inabaki kwenye orodha. Ukichagua `Uninstall`, apu yenyewe inafutwa. Kuna simu ambazo hazina orodha ya apu zote, kila kitu kinakaa kwenye skrini. Kwenye simu hizo kuondoa ni kufuta. Ikitokea umefuta apu ya pesa kwa bahati mbaya, usishtuke. Pesa zako haziko ndani ya apu, ziko kwenye akaunti ya laini yako. Utaingiza apu upya na kujithibitisha tena, lakini utahitaji intaneti na muda, vitu ambavyo huenda huna ukiwa mbele ya mteja.

Sasa, nani akae wapi? Mama wetu alianza kwa kuweka apu ya kupiga simu kando ya apu ya pesa. Siku hiyo hiyo akawapigia watu watatu bila kutaka. Sababu ilikuwa rangi. Hapa kwetu aikoni nyingi ni za kijani: ya kupiga simu, ya `WhatsApp`, na za apu kadhaa za pesa. Ukiwa na haraka, jicho halisomi jina, linafuata rangi na mahali. Kijani mbili zikikaa bega kwa bega, kidole kitakosea.

Kwa hivyo alipanga upya, kutoka kushoto kwenda kulia: `WhatsApp`, `Messages`, apu ya pesa, kikokotoo. `Messages` kwenye simu yake ni ya bluu, kwa hivyo inatenganisha kijani mbili. `Messages` na apu ya pesa zimepata nafasi za katikati, ambazo kidole chake kinafika bila kujikunja wala kujinyoosha. Tena ziko jirani, na hilo lina faida yake: meseji ikimtia shaka, anahamia kwenye apu kuangalia taarifa ya akaunti mara moja. Wauzaji wengi wamepoteza mali kwa kuamini meseji ya kughushi iliyotoka kwa nambari ya kawaida, au kwa kuonyeshwa skrini ya mteja. Salio na taarifa ndani ya apu yako mwenyewe ndizo za kuaminika, na zikiwa umbali wa mguso mmoja, utaziangalia hata foleni ikiwa ndefu.

Apu ya kupiga simu ilipanda mstari mmoja juu, ikakaa juu ya `Messages`. Bado iko ndani ya upinde.

Hatua ya 4: Folda kwa zile za mara moja moja

Folda inatengenezwa kwa kuvuta aikoni moja na kuiachilia juu ya nyingine. Kisha fungua folda, gusa sehemu ya jina na uandike jina.

Folda inapunguza vurugu, lakini ina bei yake: kila apu iliyo ndani inahitaji mguso mmoja zaidi, na jicho linaanza kutafuta upya. Kwa hiyo apu unayofungua mara 27 kwa siku usiiweke ndani ya folda, hata kama skrini itaonekana nadhifu zaidi. Folda ni ya zile za mara moja kwa siku au mara moja kwa wiki.

Mama wetu alitengeneza mbili na kuziweka mstari wa pili kutoka chini, kando ya apu ya kupiga simu. Moja aliita "Bili", ina apu za stima, maji na karo. Ya pili aliita "Picha", ina kamera na albamu. Majina mafupi ya Kiswahili au Sheng unayoyatumia mwenyewe ni bora, kwa sababu jina refu hukatwa katikati na unabaki ukisoma nusu yake. Usijaze apu zaidi ya tisa hivi ndani ya folda moja, maana kwenye baadhi ya simu zikizidi hapo folda inaanza kuwa na kurasa zake, na umerudi pale pale pa kutafuta.

Folda ya tatu, "Mikopo", aliiweka ukurasa wa pili, peke yake. Hili tunalipendekeza kwa kila mtu. Apu ya mkopo au ya kubashiri ikikaa kando ya apu ya malipo, iko pale kila unapolipa, na inafunguka hata kwa kukosea. Ukihitaji mkopo utautafuta. Miguso miwili ya ziada haitakuzuia. Lakini miguso hiyo inakupa nafasi ya kufikiri kwanza.

Hatua ya 5: Wijeti, za kutazama juu na za kugusa chini

Wijeti ni kile kidirisha kinachoonyesha habari bila kufungua apu, kama saa, kalenda au hali ya hewa. Bonyeza na ushikilie mahali pasipo na kitu, chagua `Widgets`, kisha vuta unayoitaka.

Kanuni ni rahisi. Sehemu ya juu ambayo kidole hakifiki, jicho linafika. Hapo ndipo wijeti za kutazama zinafaa kukaa, kama saa na tarehe. Zinajaza pale juu, na apu zinasukumwa chini ambako zinafikika. Wijeti yenye vitufe vya kugusa, kama ya redio au muziki, ishuke chini.

Kabla ya kuweka wijeti ya mambo ya pesa, fikiria mambo mawili. Kwanza, wijeti haiko papo hapo kila wakati. Ratiba ya kawaida ya Android haisasishi wijeti zaidi ya mara moja kila dakika 30, ili kuokoa betri. Kwa hivyo kiasi unachokiona kwenye wijeti kinaweza kuwa cha kabla ya malipo ya mwisho. Usimwachilie mteja na mzigo kwa sababu ya wijeti, fungua apu.

Pili, wijeti inaonekana na kila mtu aliye karibu. Ukifungua simu kwenye matatu ili usome ujumbe, jirani yako anaona salio lako pia. Na kama una wijeti ya kuandika vikumbusho, isiwe na PIN, nambari ya kitambulisho wala nambari ya kadi. Simu ikinyakuliwa mkononi ikiwa wazi, hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho mwizi atasoma.

Hatua ya 6: Picha ya nyuma isaidie macho

Picha ya nyuma, au mandhari, hubadilishwa kwa kubonyeza na kushikilia mahali patupu, kisha kuchagua `Wallpaper`. Wengi huweka picha ya familia, nasi hatuna shida nayo. Shida ni pale nguo za vitenge na nyuso za watu zinapokaa nyuma ya aikoni, majina ya apu yasisomeke, hasa juani.

Tafuta picha ambayo theluthi yake ya chini imetulia: mchanga, ukuta, nyasi, au rangi moja tu. Kabla ya kuithibitisha, simu itakuruhusu kuivuta na kuikuza; isogeze nyuso ziende juu, chini ya saa. Ile picha yenye watu wengi iweke kwenye skrini ya kufungia, ambako hakuna aikoni. Kisha toka nje na simu saa sita mchana. Kama unasoma majina ya mstari wa chini bila kuweka kiganja juu kama mwavuli, picha hiyo inafaa.

Umesikia pia kwamba picha nyeusi huokoa chaji. Ni kweli kwa skrini za AMOLED au OLED, kwa sababu sehemu nyeusi ya skrini hizo imezimwa. Kwa skrini za LCD, ambazo ndizo ziko kwenye simu nyingi za bei nafuu, taa ya nyuma inawaka vile vile, kwa hivyo hutaona tofauti. Picha zinazotembea zinakula chaji kwenye skrini ya aina yoyote.

Hatua ya 7: Funga mpangilio

Baada ya kupanga, linda kazi yako. Simu ikikaa mfukoni ikiwa wazi, au mtoto akiichezea, aikoni huhama. Kwenye Samsung, ingia `Settings`, kisha `Home screen`, uwashe `Lock Home screen layout`. Papo hapo zima `Add new apps to Home screen`, ili apu mpya zisijipachike kwenye skrini yako. Zitabaki kwenye orodha ya apu zote. Kwenye simu nyingine, bonyeza na ushikilie mahali patupu uangalie mipangilio ya skrini ya kwanza. Maneno yanatofautiana lakini nyingi zina kitu cha aina hiyo.

Faida nyingine ya kuzima hilo la pili ni usalama. Skrini isipobadilika yenyewe, aikoni ngeni utaitambua haraka. Ukiona aikoni ya pili inayofanana na ya apu yako ya pesa, usiifungue wala kuweka PIN. Ibonyeze na uishikilie, gusa alama ya taarifa za apu, kisha shuka chini uangalie ilitoka wapi. Ikiwa haikutoka `Google Play Store`, iondoe, kisha wasiliana na kampuni yako ya pesa kupitia nambari rasmi.

Wa iPhone nanyi

Kwenye iPhone mstari wa chini una nafasi nne, na mambo ya rangi na ujirani ni yale yale. Tangu iOS 18 ya mwaka 2024, unaweza kuacha nafasi tupu juu na kuweka aikoni chini. Ikiwa una toleo la zamani, aikoni zitajipanga kuanzia juu, kwa hivyo weka wijeti kubwa pale juu ili izisukume chini. Ukigusa `Remove App`, soma vizuri: `Remove from Home Screen` inaondoa aikoni, `Delete App` inafuta apu.

Utajuaje umepanga vizuri?

Siku mbili za kwanza utakosea zaidi kuliko zamani, kwa sababu kidole bado kinakumbuka mahali pa kale. Usibadilishe kitu. Baada ya wiki moja fanya jaribio hili: shika simu kwa mkono wa kazi, fungua apu ya pesa, rudi, fungua `Messages`, rudi, fungua kikokotoo. Kama kiganja hakikusogea hata mara moja, mpangilio umekaa. Kama kilisogea, angalia ni apu gani iliyokisogeza na uibadilishane nafasi na jirani yake. Moja tu, kisha ungoje wiki nyingine.

Na kama kuna apu uliyoiweka mstari wa chini ambayo wiki nzima hukuigusa, iteremshe cheo. Nafasi ile ni ya wanaofanya kazi.